Nusu-Uhai ya Nini? Kusoma Maswali ya Uozo Nururifu katika Sampuli ya Madini ya Urani

Ikisiri

Makala haya yanachunguza maswali matatu ya kemia ya viini yanayozoeleka katika vitabu vya Kiswahili: kusawazisha mlinganyo, kufuata mfululizo wa uozo na kukokotoa nusu-uhai. Maswali yote matatu yanahusishwa na sampuli moja ya madini ya urani. Hoja kuu ni kwamba hesabu ya nusu-uhai inaweza kuwa sahihi kihisabati na bado ikatoa jibu la uongo, iwapo swali halisemi kama kiini mzazi kimo ndani ya sampuli au hakimo.

1.0 Utangulizi

Madini ya urani si jambo geni katika eneo letu. Mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, ulitoa radiamu na baadaye urani iliyotumika katika mabomu ya mwaka 1945, na hifadhi ya Mkuju, wilayani Namtumbo, inajulikana kwa wapangaji wa sera za madini nchini Tanzania. Kila panapochimbwa urani hubaki lundo la mabaki, na swali la kwanza la mshauri wa sera huwa ni hili: lundo hilo litakuwa na mnururisho kwa muda gani? Jibu hutegemea maana anayoipa istilahi ya nusu-uhai.

Istilahi hiyo ina mtego. Neno uhai humfanya msomaji afikiri kwamba kila atomi ina umri wake, na kwamba nusu mbili zikipita uhai umekwisha. Sivyo. Nusu-uhai ni muda ambao nusu ya viini vilivyopo mwanzoni mwa muda huo huoza. Atomi iliyokaa miaka elfu haijazeeka kuliko iliyotokea jana. Uwezekano wake wa kuoza kesho ni uleule. Kwa hiyo 100 huwa 50, kisha 25, kisha 12.5, haifiki sifuri katika hatua ya pili.

2.0 Kusawazisha mlinganyo

Katika mlinganyo wa kiini, namba mbili hulindwa: jumla ya protoni na nyutroni, inayoandikwa juu, na chaji, inayoandikwa chini. Urani-238 hutoa chembe ya alfa, yaani kiini cha heli:

```
²³⁸₉₂U  → ²³⁴₉₀Th + ⁴₂He
²³⁴₉₀Th → ²³⁴₉₁Pa + ⁰₋₁e
²³⁴₉₁Pa → ²³⁴₉₂U  + ⁰₋₁e
²³⁴₉₂U  → ²³⁰₉₀Th + ⁴₂He
²³⁰₉₀Th → ²²⁶₈₈Ra + ⁴₂He
```

Kosa la kawaida hutokea katika mstari wa pili. Mwanafunzi hufikiri kwamba kitu kikitoka lazima namba ipungue, hivyo huandika 89. Lakini chembe ya beta hubeba chaji ya hasi moja. Ili jumla ya chini ibaki 90, kiini kipya lazima kiwe na 91, kwa sababu 91 ukijumlisha na hasi 1 ni 90. Ndani ya kiini, nyutroni moja imegeuka kuwa protoni.

3.0 Kuhesabu hatua za mfululizo

Mfululizo wa urani-238 huishia kwenye risasi-206, ambayo haiozi. Idadi ya hatua hupatikana bila kuandika milinganyo yote. Alfa pekee ndiyo inayobadili namba ya juu, nayo huipunguza kwa 4. Tofauti kati ya 238 na 206 ni 32, basi kuna alfa 8. Alfa hizo zingepunguza chaji kwa 16, kutoka 92 hadi 76. Risasi ina 82, basi beta 6 zimerudisha pengo hilo.

Hapa neno kuoza nalo hupotosha. Katika mazungumzo ya kila siku, kilichooza kimekwisha. Katika mfululizo, kilichooza kimezaa kingine ambacho mara nyingi nacho ni nururifu. Katika mwamba ambao haujaguswa kwa mamilioni ya miaka, kila mtoto huzaliwa kwa kasi ileile anayooza, hivyo wanamfululizo wote huwa na unururifu unaokaribia kulingana.

4.0 Sampuli ya mabaki

Kiwandani, madini husagwa na urani huyeyushwa kwa asidi. Sehemu kubwa ya thoriamu-230 na radiamu-226 hubaki katika tope linalotupwa. Tuchukue sampuli ya tope hilo yenye bekereli 1,024 za radiamu-226 na kiasi hichohicho cha thoriamu-230. Nusu-uhai ya radiamu-226 ni miaka 1,600. Swali: baada ya miaka 16,000 zitabaki bekereli ngapi za radiamu?

Mwanafunzi hodari hugawanya 16,000 kwa 1,600, akapata nusu-uhai 10, kisha akagawanya 1,024 kwa 2 mara kumi. Jibu lake ni bekereli 1. Lingekuwa sahihi kwa radiamu iliyotengwa peke yake ndani ya chupa. Katika tope yumo mzazi, thoriamu-230, mwenye nusu-uhai ya takribani miaka 75,400. Miaka 16,000 ni kama asilimia 21 tu ya muda huo, na thoriamu iliyobaki ni takribani asilimia 86. Inaendelea kuzaa radiamu, na hesabu kamili ya mzazi na mtoto hutoa takribani bekereli 900. Radiamu imefuata saa ya mzazi wake. Mshauri aliyepokea jibu la 1 angekadiria ulinzi wa lundo hilo kwa kosa la mara mia tisa.

5.0 Pale ulinganifu unapovunjika

Radiamu-226 huzaa radoni-222, ambayo ni gesi yenye nusu-uhai ya siku 3.8. Maabara nyingi hupima radiamu kwa njia isiyo ya moja kwa moja, kwa kuangalia miale ya gama ya risasi-214 na bismathi-214, ambazo ni wazao wa radoni. Sampuli iliyosagwa na kuachwa wazi hupoteza gesi. Ikipimwa papo hapo, radiamu huonekana pungufu kuliko ilivyo. Kwa hiyo huzibwa kwa takribani wiki nne. Siku 27 ni nusu-uhai 7 za radoni, na upungufu uliokuwapo umebaki 1/128, yaani chini ya asilimia moja. Ripoti isiyotaja muda wa kuziba haimwezeshi msomaji kujua kama namba zake zinaaminika.

6.0 Hitimisho

Tunapendekeza kwamba swali lolote la nusu-uhai katika vitabu na ripoti za Kiswahili litaje mambo mawili: kama isotopu imetengwa au ingali pamoja na mzazi wake, na kama sampuli imezibwa au iko wazi. Istilahi yenyewe haina haja ya kubadilishwa. Inatosha isiandikwe peke yake, bali iandikwe “nusu-uhai ya radiamu iliyotengwa” pale inapokusudiwa hivyo. Kwa lundo la mabaki, muda wa kupangia ulinzi ni ule wa thoriamu-230.