Mistari ya Kubuni kwa Hati za Kweli

Hati ya Utendi wa Tambuka yenye tarehe ya 1728 ni miongoni mwa hati kongwe za Kiswahili zilizobaki. Imeandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama zilivyoandikwa tenzi, barua na mikataba ya pwani kwa karne nyingi. Hati za namna hiyo zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, SOAS ya London na kwenye nyumba za watu, na nyingi zimeshapigwa picha. Lakini picha ya ukurasa haitafutiki neno. Ili itafutike, lazima mtu aisome na kuinakili, au kompyuta ifundishwe kufanya hivyo.

Modeli ya kutambua mwandiko hujifunza kwa kuona picha ya mstari pamoja na maandishi yake sahihi. Kwa Kiingereza mifano ipo. Mkusanyiko uitwao IAM, uliotengenezwa Bern, Uswisi, una kurasa 1,539 zilizoandikwa na watu 657, na kila mstari umenakiliwa. Kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, mtafiti akipata kurasa 40 zilizonakiliwa kwa uangalifu amebahatika.

Tuchukue hizo 40 tuone zinafika wapi. Tuseme zimetoka kwa waandishi watano, kila mmoja kurasa 8, na kila ukurasa una mistari 15. Hatua ya kwanza ni kumtenga mwandishi mmoja mzima. Mistari yake 120 inafungiwa kabatini, ndiyo mtihani. Kwa wale wanne waliobaki, ukurasa mmoja wa kila mmoja unawekwa kando kwa kupima maendeleo wakati wa mafunzo. Mistari ya kufundishia inayobaki ni 420. Ubeti wa utenzi una vipande vinne vya mizani nane, na mara nyingi ubeti mzima huandikwa kwenye mstari mmoja. Kila mizani huchukua takriban herufi moja na irabu yake. Kwa hiyo tuna herufi kama 13,400. Si haba kwa herufi kama wau na nun, lakini dhadi au dha huenda ikaonekana mara tatu tu, zote kwa mkono wa mtu mmoja. Pengo hilo ndilo mwandiko wa kubuni unalotakiwa kuziba.

Njia rahisi ni fonti. Unachukua maandishi, unayachapa kwa fonti zinazoiga mkono, kisha unaiharibu picha makusudi: unaipinda kidogo, unanenepesha wino hapa na kuukondesha pale, unaweka madoa. Watafiti wa Microsoft waliotoa modeli ya TrOCR mwaka 2021 walitumia fonti 5,427 za mwandiko kutengeneza mamilioni ya mistari, halafu wakamalizia mafunzo kwa kurasa halisi za IAM. Sisi hatuna fonti elfu tano za naskhi ya Pate. Tukipata ishirini zinazofaa, ni lazima tuzitumie kwa akili.

Kazi ngumu huanzia kwenye maandishi yenyewe, kabla ya wino. Yatatoka wapi? Wazo jepesi ni kuchukua habari za magazeti na kuzigeuza kwa herufi za Kiarabu. Modeli itakayotokea itakuwa imezoea kukisia maneno ya Kiswahili sanifu. Ikifika kwenye utenzi wa Kiamu, penye "ndia" itaandika "njia", na "mato" itayafanya "macho". Inakosea kwa kujiamini, kwa sababu imejifunza lugha kuliko ilivyojifunza maumbo. Basi maandishi ya kubuni yatoke kwenye tenzi zilizochapwa kwa herufi za Kirumi bila kusanifishwa. Na sehemu yake, tuseme moja ya tano, iwe silabi zilizochanganywa ovyo zisizo na maana yoyote, ili mashine ilazimike kutazama kilichoandikwa.

Kisha kuna tahajia. Waandishi wengi wa zamani walitumia be kwa sauti ya b na ya p. Sauti mb nayo mara nyingi iliandikwa kwa be peke yake, bila mim. Kasra ilibeba i na e, dhumma ikabeba u na o. Kwa hiyo "pembe", "bibi" na "pipi" zinaweza kukaa karatasini kwa umbo lile lile, na msomaji akazitofautisha kwa muktadha. Programu inayogeuza Kirumi kuwa Kiarabu lazima ifuate desturi hiyo. Ikiandika kila p kwa herufi yenye nukta tatu, itatengeneza hati ambazo waandishi wale hawakuziandika. Wakati huohuo wapo walioongeza nukta ili kutofautisha sauti, na walioweka alifu au ye kuonyesha silabi inayovutwa. Dawa ni kurudi kwenye zile kurasa 28 za kufundishia, kuhesabu kila desturi inatokea mara ngapi, na kuiacha programu ichague kwa uwiano huohuo.

Kutokana na hayo linafuata jambo la lebo, yaani maandishi sahihi yanayoambatana na picha. Lebo iwe ni kile kilicho karatasini, kwa herufi za Kiarabu na irabu zake. Kuamua kama ni "pembe" au "bibi" ni kazi nyingine, inayohitaji kujua ubeti unasema nini. Ukizichanganya kazi hizo mbili, utaiadhibu modeli kwa kosa ambalo macho hayawezi kuliepuka.

Sasa ndipo tunafika kwenye wino. Fonti hukosea zaidi kwenye nukta. Katika fonti, nukta ya be hukaa chini ya jino lake daima. Mkono wa mtu hauko hivyo: nukta huteleza kushoto, mbili huungana zikawa kistari, tatu hufanana na kofia ndogo. Irabu nazo hupaa mbali na herufi zake. Modeli iliyozoea nukta zilizotulia itasoma te kuwa nun kwa sababu tu kistari kimekuwa kifupi. Suluhisho ni kuchora tabaka mbili. Kwanza unachora miili ya herufi bila nukta, maana fonti nyingi za Kiarabu zina maumbo ya be, fe na qafu yasiyo na nukta. Halafu unaziweka nukta na irabu wewe mwenyewe, kila moja ikisogezwa kwa bahati nasibu kulingana na masafa uliyopima kwenye kurasa halisi.

Karatasi nayo isiwe nyeupe. Kata vipande vya pambizo tupu kutoka kwenye kurasa za kufundishia na uvitumie kama mandhari. Pambizo za ukurasa wa mtihani usiziguse. Weka wino juu kwa kuzidisha thamani za pikseli, si kwa kufunika, ili madoa ya karatasi yaonekane kupitia mistari. Kwa hati ambazo wino wa nyuma umepenya, geuza mstari mwingine kushoto kulia, ufifishe, uuweke chini. Upindaji uwe wa kiasi: mstari uinamishwe digrii mbili tatu, na maumbo yavutwe kidogo kama mpira. Ukizidisha, jino la be linapotea, na lebo inayosema be inakuwa uongo. Kipimo chepesi ni kumpa msomaji mzoefu wa hati picha 200 za kubuni azisome. Zile asizoweza kuzisoma zinaonyesha ulipovuka mpaka.

Ipo njia nyingine inayovutia zaidi: kuifundisha mashine yenyewe kuandika. Mwaka 2013 Alex Graves alionyesha mtandao wa nyuroni unaoandika Kiingereza kwa mkono, kiharusi baada ya kiharusi, na tangu hapo zimekuja modeli zinazochora neno zima kwa kuiga mtindo wa mwandishi fulani. Tatizo ni kwamba waandishi hawa wa mashine nao wanahitaji mifano mingi. Ukiwalisha mistari 420, hutoa kurasa zinazopendeza machoni lakini zenye herufi zisizolingana na lebo: jino limeongezeka, nukta imepungua. Data yenye lebo mbovu huharibu kuliko uhaba. Kwa kiasi chetu, fonti zenye tabaka mbili ni salama zaidi, kwa sababu kila alama iliyochorwa inajulikana ilikotoka.

Baada ya hapo unaweza kutengeneza mistari 100,000 kwa usiku mmoja. Modeli ianze kwa hiyo, mpaka ijue umbo la kila herufi mwanzoni, katikati na mwishoni mwa neno. Kisha iingizwe kwenye mistari halisi. Usiiache ya kubuni ghafla: katika kila fungu la mistari 16, weka minane halisi na minane ya kubuni, ili dhadi na dha zisisahaulike wakati modeli inazoea mikono ya watu.

Matokeo hupimwa kwa kiwango cha makosa ya herufi: zilizobadilishwa, zilizoachwa na zilizoongezwa, zikijumlishwa na kugawanywa kwa idadi ya herufi za lebo. Ukiona makosa 2 kwa kila herufi 100 kwenye mistari ya kubuni na 35 kwenye kurasa halisi, modeli imejifunza fonti zako. Hapo mistari 100,000 mingine ya aina ileile haitasaidia. Tazama makosa yameelekea wapi. Yakiwa ya te na nun, rudi kwenye nukta. Yakirundikana kwenye kingo za mistari, tatizo ni jinsi picha zilivyokatwa. Yakiwa maneno kamili yaliyosanifishwa, rudi kwenye maandishi.

Na kabla ya kusifu kazi yako, fundisha modeli ya pili kwa mistari 420 halisi pekee, ukiipinda na kuichafua kwa mbinu zilezile. Mara nyingine sehemu kubwa ya faida hutoka hapo, na mashine ya kubuni inaongeza kidogo tu. Fundisha pia ya tatu kwa kurasa 14 halisi badala ya 28, pamoja na mistari yote ya kubuni. Tofauti kati ya hiyo na ile ya kurasa 28 inakuambia ukurasa mmoja ulionakiliwa na mtu una thamani gani bado. Ikiwa tofauti ni kubwa, fedha zilizobaki mlipe mnakili, na mpe kwanza kurasa za mwandishi ambaye mkono wake haumo kabisa kwenye mkusanyiko. Ikiwa ni ndogo, mpe kazi ya kusahihisha kile ambacho modeli imeshasoma. Kwa kawaida kusahihisha ukurasa wenye makosa machache kunamchukua muda mfupi kuliko kuunakili kutoka mwanzo, na kila ukurasa uliosahihishwa unakuwa wa kufundishia.