Kidoa Cheupe na Namba ya Tano

Picha iliyopatwa na kile ambacho wataalamu wa picha za kidijitali hukiita chumvi na pilipili hutambulika mara moja. Vidoa vyeupe pepe na vyeusi tititi vimetapakaa juu yake bila mpangilio, huku sehemu zilizobaki zikiwa safi. Mara nyingi chanzo ni kihisi cha kamera chenye vipengele vichache vilivyokufa, au data iliyoharibika njiani picha ilipokuwa ikitumwa.

Kwa kawaida, katika picha isiyo na rangi, kila pikseli ni namba kuanzia 0, yaani nyeusi kabisa, hadi 255, yaani nyeupe kabisa. Chumvi ni pikseli iliyogeuzwa kuwa 255, na pilipili ni iliyogeuzwa kuwa 0. Pikseli hiyo haikupotoka kidogo tu. Namba yake ya awali imefutika yote, na iliyokaa mahali pake haisemi lolote kuhusu kitu kilichopigwa picha. Hapo ndipo uchaguzi wa dawa unapoanzia.

Tuchukue kipande kidogo cha ukuta wa kijivu, dirisha la pikseli tatu kwa tatu, na katikati yake punje moja ya chumvi:

```
52   55   54
53  255   56
51   54   55
```

Wazo linalomjia mtu kwanza ni wastani: jumlisha namba zote tisa, gawanya kwa tisa, weka jibu katikati. Jumla ni 685, na jibu ni kama 76. Ukuta wenyewe uko kwenye 54 hivi, kwa hiyo kidoa kimefifia lakini hakijaondoka. Baya zaidi, dirisha hilo halisimami mahali pamoja. Linapita juu ya kila pikseli ya picha, na punje ile ile inaingia katika madirisha tisa. Kila jirani yake, aliyekuwa mzima, anapandishwa kwa takriban 22. Tulikuwa na pikseli moja mbovu, sasa tuna baka la pikseli tisa.

Mediani hufuata njia nyingine. Namba zilezile zipange kuanzia ndogo hadi kubwa:

```
51  52  53  54  54  55  55  56  255
```

Kisha chukua ya tano, iliyo katikati ya safu: 54. Ukuta umerudi. Ile 255 imesukumwa mwisho wa safu, na huko ukubwa wake hauna nguvu tena. Ni kama kupanga watoto tisa kwa kimo: yule mrefu kuliko wote akizidi kurefuka, aliyesimama katikati habadiliki. Hata tukiongeza punje ya pilipili, tukigeuza ile 54 ya mstari wa chini kuwa 0, namba ya tano inabaki 54.

Mwanatakwimu Mmarekani John Tukey alieleza mediani inayosogea hivi katika kitabu chake cha 1977 kuhusu uchambuzi wa data, akiitumia kulainisha mfululizo wa namba. Katika picha ina faida ya pili: hailegezi kingo. Dirisha lenye safu mbili za 50 na safu moja ya 200 hutoa mediani ya 50, kivuli halisi cha upande ule. Wastani hutoa 100, kivuli ambacho hakikuwapo popote.

Lakini mediani ina mpaka wake. Pikseli tano kati ya tisa zikiwa chumvi, namba ya tano yenyewe ni 255, na kidoa kinabaki. Tena haitofautishi uchafu na kitu chembamba. Mstari wa pikseli moja, kama waya angani au mkia wa herufi ndogo, huchukua pikseli tatu tu za dirisha. Sita za mandharinyuma zinaushinda, nao unatoweka. Na pale ambapo kila pikseli imepotoka kidogo, nyingine juu nyingine chini, kama kwenye picha nyingi zilizopigwa gizani, wastani hufanya kazi vizuri zaidi, kwa kuwa makosa madogo ya pande mbili hufutana.

Namna ya kujua kama umeponya picha au umeijeruhi ni kutoa picha iliyosafishwa kutoka ile ya awali na kutazama tofauti. Ukiona vidoa vilivyotawanyika tu, kazi imekwenda sawa. Ukiona humo mistari, pembe za madirisha au vipande vya herufi, kichujio kinakula picha. Hapo usipanue dirisha. Iache kila pikseli isiyo 0 wala 255 kama ilivyo, na mediani itumike kwa hizo mbili peke yake.