Kuchangia makuta ya hospitali: namna ya kuomba, namna ya kuhakikisha

Kule Kasungami, katika komine Annexe ya Lubumbashi, ajali ya jikoni inatokea haraka. Sufuria ya maji ya bukari iko juu ya mbabula, karibu na chini, na mutoto anapita mbio. Kidonda cha maji ya moto kinapona polepole, na fakture ya hospitali inapanda kila siku. Kisha siku chache, ujumbe unaanza kuzunguka katika makundi ya WhatsApp ya kartie na ya kanisa: "Tusaidie mutoto."

Watu wengi wanapenda kusaidia, lakini wanajiuliza kama makuta itafika kweli. Na familia inaogopa mutoto kupona, kisha kuzuiwa hospitalini juu ya deni. Woga huo uko na sababu: mwaka 2018, waandishi wa shirika la Associated Press walitembelea hospitali zaidi ya 20 katika Kongo, na zote isipokuwa moja zilikuwa na desturi ya kuzuia wagonjwa wasiolipa.

Fakture kwanza

Mbele ya kuandika ujumbe, muzazi aende kwenye kese ya hospitali aombe fakture ya leo, yenye tarehe, nimero ya fishi ya mugonjwa na muhuri. Tuchukue mufano wa mutoto wa miaka 4 mwenye siku 20 hospitalini. Kitanda: dola 100. Pansema 10: dola 120. Dawa na serumu: dola 130. Damu: dola 30. Jumla ni dola 380. Familia imelipa 90, inabaki 290.

Lakini munganga anasema mutoto atabaki juma moja tena. Kwa bei zile zile, kitanda cha siku 7 ni dola 35 na pansema 3 ni dola 36. Kwa hiyo siku ya kutoka, deni litakuwa 361, hapana 290. Kama ujumbe hausemi hivyo toka mwanzo, watu watashangaa kuombwa mara ya pili, na wengine watafikiri ni wizi. Munganga aulizwe pia ni siku ngapi zinabaki.

Ujumbe wenyewe

Ujumbe muzuri ni mufupi: "Mutoto wa miaka 4, wa Kasungami, aliungua kwa maji ya moto. Iko anatunzwa hospitalini. Fakture ya leo ni dola 380, tumelipa 90. Munganga anafikiri atatoka kisha juma moja, na hapo itabaki karibu 361. Mwenye kushindwa kuchanga asisikie vibaya." Chini yake kunaandikwa jina la hospitali, tarehe, nimero moja ya M-Pesa ao Airtel Money na jina la mwenye nimero, pamoja na mutu wa pili wa kuuliza, asiye wa familia: shefu wa kartie ao muongozi wa kanisa aliyekubali.

Picha ya kidonda haina lazima. Mutoto huyu atakua, ataenda masomo na watoto ambao wazazi wao wako na picha ile katika telefone. Picha ya fakture inatosha, jina la ukoo likifunikwa.

Kuhakikisha bila kumuhukumu mutu

Mwenye kutoa atazame vitu vitatu. Tarehe ya fakture: ya miezi mingi iliyopita ni alama ya ujumbe wa zamani wenye kurudishwa. Nimero: wezi wanapenda kunakili ujumbe wa kweli na kubadilisha nimero tu, kwa hiyo jina litakaloonekana wakati wa kutuma lifanane na lile la ujumbe. Tena, mutu wa pili apigiwe simu.

Kuuliza kesie kuhusu ugonjwa wa mutoto hakufai, ile ni siri ya mugonjwa, na anaweza kukataa. Njia nzuri ni kuenda na muzazi kwenye kese, kulipa palepale kwa nimero ya fishi, na kuchukua risiti.

Kufunga mchango

Mweka hesabu aandike kila jioni: imeingia ngapi, imelipwa ngapi hospitalini, imebaki ngapi, pamoja na makato ya kutosha makuta kwenye telefone. Deni likiisha, ujumbe wa mwisho utumwe na risiti katika makundi yote: "Tumefunga, musitume tena." Bila ujumbe huo, mchango unaendelea kuzunguka miezi mingi. Kama makuta imepita deni, familia iseme ni ngapi na itafanya nini, kwa mufano pansema za nyumbani, ao iulize watoaji. Njo hivi familia nyingine itakayoomba kesho itasadikiwa.