Kufaulu Bila Kuwasha Mtambo

Mwanafunzi wa uhandisi akifika mwaka wa mwisho hupewa mradi utakaomchukua karibu mwaka mzima, pamoja na waraka wa kurasa chache unaomweleza atengeneze nini, akabidhi nini, kwa tarehe zipi, na kila kazi ina alama ngapi. Tuseme kundi la wanafunzi wanne limepewa kutengeneza kikaushio cha mahindi kinachotumia jua. Waraka wao unasema ripoti ina asilimia 50, jaribio la mtambo 20, utetezi mbele ya jopo 15, na maoni ya msimamizi 15. Kwa kuutazama tu, mgawanyo huu hauna kasoro.

Upigie hesabu. Wasimamizi wengi ni wakarimu kwa vijana waliokaa nao mwaka mzima, kwa hiyo 80 kwa 100 si ajabu. Hizo ni alama 12 kwenye jumla. Ripoti iliyopangika vizuri ikipata 67, inaleta 33.5. Tayari ni 45.5. Kama kufaulu ni 40, mwanafunzi huyu amefaulu kabla kikaushio hakijatoka karakana, na kabla jopo halijamuuliza swali hata moja. Hakudanganya mtu. Ameusoma waraka kuliko aliyeuandika.

Dawa yake ni sentensi moja: pamoja na jumla, mwanafunzi lazima apate angalau 40 kwenye jaribio na angalau 40 kwenye utetezi. Wengine hujaribu kuipandisha hadhi ya jaribio hadi asilimia 40 au 50, lakini hapo wanamwadhibu kijana ambaye feni yake imekwama bandarini. Ni afadhali kuamua kwanza jaribio linapima nini. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5. Kundi likishusha unyevu kutoka 20 hadi 16 tu, halijafika. Ila kama lilipima kila saa, likalinganisha vipimo na hesabu zake na kuonyesha joto linapopotelea, limefanya kazi ya mhandisi. Kwa hiyo alama za jaribio zigawanywe: sehemu kwa ubora wa vipimo, sehemu kwa kueleza tofauti kati ya hesabu na matokeo, na sehemu ndogo zaidi kwa kufikia lengo lenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo asilimia hulificha. Uzito ulioandikwa kwenye waraka si lazima uwe ndio uzito unaofanya kazi. Watahini wanaposahihisha ripoti bila maelezo ya viwango, hukimbilia katikati, na darasa zima hujikuta kati ya 64 na 70. Tofauti ya alama 6, kwa uzito wa asilimia 50, ni alama 3 kwenye jumla. Jaribio la mtambo halina katikati ya kukimbilia: mwingine anapata 30, mwingine 85. Tofauti ya 55, kwa uzito wa asilimia 20, ni alama 11. Ripoti iliyoitwa nusu ya mradi inatofautisha wanafunzi chini ya theluthi moja ya jinsi jaribio linavyowatofautisha. Nayo ile 80 ya msimamizi, ikiwa kila mtu anaipata, haimpangi yeyote. Inawanyanyua wote kwa alama 12 na kuwaacha walipokuwa. Mratibu wa somo anaweza kuligundua hili kwa dakika chache: achukue alama za mwaka jana, atoe ya chini kwenye ya juu kwa kila sehemu, kisha azidishe kwa uzito wake.

Kubadilisha uzito hakutibu ugonjwa huo. Kinachotibu ni waraka kueleza kwa maneno ripoti ya 45 inafananaje, ya 60, na ya 80. “Uchambuzi mzuri” ni maneno matupu. “Kila uamuzi wa usanifu umeambatana na hesabu, na angalau njia mbadala moja imekataliwa kwa sababu iliyoandikwa” ni kitu ambacho watahini wawili wanaweza kukitafuta, kila mtu peke yake, wakakikuta au wakakikosa pamoja.

Tarehe nazo zina shida yake. Nyaraka nyingi huandika “ripoti ya maendeleo, wiki ya 10,” na wiki ya 10 ikifika msimamizi anapokea kurasa tatu zinazosema kazi inaendelea vizuri. Kituo cha kukagua mradi kina maana pale tu ambapo mtu anaweza kuambiwa: usiendelee. Kwa kikaushio chetu, wiki hiyo idai michoro yenye vipimo, orodha ya vifaa na bei, na hesabu ya nishati. Kilo 100 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 20 zina kilo 80 za punje kavu. Zikifika 13.5, uzito wote unabaki karibu kilo 92.5, maana yake maji ya kuondoa ni kilo 7.5. Kila kilo ya maji inahitaji takriban megajuli 2.4 kugeuka mvuke, jumla 18, yaani kilowati-saa 5. Kundi limechora sahani ya kukusanya jua yenye mita za mraba 2. Penye jua la kilowati-saa 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku, inapokea 10. Ikiwa robo tu ya hizo ndiyo inayoyafikia maji, zinabaki 2.5. Sahani hiyo ni nusu ya inayotakiwa kwa siku moja. Aidha waiongeze ukubwa, au wakaushe kilo 50. Kosa hilo likionekana kwenye karatasi, gharama yake ni karatasi; likionekana baada ya bati kukatwa, ni muhula.

Limebaki suala la wanafunzi wanne kupata alama moja huku mmoja wao akiwa mgeni karakana. Njia inayotumika sana ni kuwaacha wapimane kwa siri. Kundi limepata 70. Wastani walioupata kutoka kwa wenzao ni 8, 8, 7 na 5, na wastani wa kundi ni 7. Kila mmoja anagawiwa kwa 7, na kipeo kinachopatikana kinazidishwa na 70, kwa sharti kwamba kisipite 1.1 wala kushuka chini ya 0.8. Wawili wa kwanza wanapata 77, wa tatu 70, na wa nne 56 badala ya 50. Mipaka hiyo ipo kwa sababu watu hukomoana. Pia huelewana: makundi yakirudisha fomu zenye namba zilezile kwa kila mtu, ujue kikao kilifanyika bwenini. Ndiyo maana jopo liruhusiwe kumuuliza yeyote kuhusu sehemu yoyote ya kazi, na alama ya utetezi ibaki ya mtu mmoja mmoja.

Kabla ya kuuchapa waraka, mpelekee fundi wa karakana. Yeye ataona kwamba makundi 12 yanatakiwa kukabidhi fremu zilizochomelewa siku moja, na mashine za kuchomelea ziko mbili. Kila kundi likihitaji siku 2, hizo ni siku 12 za kazi hata mashine zisipolala, na hapo umeme haujakatika wala waya wa kuchomelea haujaisha. Kwa hiyo michoro ipitishwe angalau wiki 3 kabla ya tarehe ya fremu, na makundi yapangiwe zamu ya mashine ndani ya waraka wenyewe.