Barua pepe ya msoma prufu

Tuchukue ripoti ya mwaka ya chama cha akiba na mikopo, kurasa 40. Msoma prufu ameshapita mote, lakini kazi haiwezi kwenda kiwandani. Anamwandikia katibu hivi:

*Ndugu Katibu, habari za kazi. Prufu imekamilika isipokuwa mambo matatu ninayohitaji kwako kabla ya Alhamisi saa 6 mchana.*

*1. Kurasa za 14 na 31 zinamwelekeza msomaji kwenye Kiambatisho Na. 3, orodha ya mikopo. Faili nililopokea lina Na. 1, 2 na 4. Naomba unitumie, au kama kimeondolewa, niarifu nifute marejeo na kubadili namba.*

*2. Mjumbe wa kamati ya mikopo: uk. 6 ni Mwanaisha, uk. 22 ni Mwanaasha. Ni mtu mmoja? Kama ndiye, jina lipi lipo kwenye kitambulisho chake?*

*3. Uk. 17, tawi la Chang'ombe: ni ya Temeke au ya Dodoma?*

*Usiponijibu hoja ya 2 na ya 3, nitayaacha maneno kama yalivyo na kuyawekea alama pembeni, sitakisia.*

Kiambatisho kilichopotea hakionekani kwa macho, maana kisichokuwepo hakina kosa la kusahihisha. Anachofanya msoma prufu ni kutafuta neno "Kiambatisho" katika faili zima, kuandika kila namba inayotajwa, kisha kuzilinganisha na zilizomo. Hutafuta pia "Kiambata" na "Jedwali", kwa kuwa waandishi wa ripoti moja mara nyingi huwa wengi na kila mmoja ana msamiati wake.

Majina ni magumu zaidi. Kamusi haisaidii, na maumbo yote mawili ni majina halali. Wengine huhesabu: lililotokea mara nyingi ndilo sahihi. Hapo ndipo wanapopotea, kwani jina lililokosewa mara moja kisha likanakiliwa kurasa tano litashinda kura. Chang'ombe nayo ina mtego wa pili: ritifaa ikidondoka inabaki "Changombe", lakini hata ikiandikwa sawasawa bado haijasema ni ya mji gani.

Angalia pia kwamba kila swali lina ukurasa na linajibika kwa neno moja. Ukimwandikia katibu "tafadhali hakiki majina yote", atajibu "yako sawa", na hatakuwa amefungua faili.

Tuseme jibu limekuja: Mwanaisha na Mwanaasha ni wajumbe wawili tofauti, na Chang'ombe ni ya Dodoma. Kiambatisho nacho kimefika, ila jumla yake ni mikopo 412, wakati ukurasa wa 14 unasema 421. Kwa sura, tarakimu zimepinduliwa tu. Msoma prufu hajui ni upande upi uliokosewa, hivyo hagusi popote. Anamwandikia tena katibu, sentensi moja, na namba zote mbili zimo.