Michoro miwili, sura moja: upi umempata?

Mwezi uliopita mama mmoja alikuja darasani kwetu na picha ndogo ya pasipoti ya mwanawe. Ndiyo picha pekee aliyotoka nayo nyumbani, na imeshaanza kufutika pembeni. Aliomba ichorwe kubwa kabla uso haujapotea. Vijana wawili wakachora, kila mmoja peke yake. Sasa upi tumpe mama?

Wengi waliusifu mchoro wa kwanza. Kope zinahesabika, nywele safi, hata kola ya shati ipo. Wa pili ulikuwa mistari ya haraka tu. Lakini mama aliutazama ule wa kwanza akasema, "Huyu kama kaka yake."

Basi tukachukua rula. Kwenye picha, toka mboni hadi mboni ni milimita 9. Toka mstari wa macho hadi mdomo ni 10, na hadi ncha ya kidevu 16. Mchoro wa kwanza una 45 kati ya mboni, yaani umekuzwa mara 5. Kwa hiyo mdomo ungekuwa kwenye 50 na kidevu kwenye 80. Tukakuta 58 na 88! Mdomo umeshuka, uso umerefuka. Ndiyo maana kijana ameonekana mkubwa kuliko umri wake. Mchoro wa pili una 36, mara 4. Mdomo ulitakiwa 40, upo 41. Kidevu 64, kipo palepale.

Angalia hapa: rula ikikosea nusu milimita kwenye picha ndogo, kosa hilo linakuwa 2 au zaidi kwenye mchoro. Kwa hiyo ile tofauti ya 1 tuliiacha, lakini 8 si kosa la rula.

Halafu tukageuza vyote vitatu kichwa chini. Ukifanya hivyo, jicho lako linaacha kuona "mtoto" na linaona maumbo na vivuli tu. Hapo tuligundua kosa la mchoro wa pili: pembe za mdomo zimepanda, kijana anatabasamu. Kwenye picha mdomo umenyooka.

Mchoraji alitaka kufuta. Mama akamzuia: "Acha, mwanangu alikuwa anacheka hivyo." Hapo rula haina jibu. Rula inalinganisha mchoro na picha, na picha ni dakika moja tu ya mtu. Nikamweleza mama kwamba tabasamu hilo limetoka mkononi mwa mchoraji, halimo kwenye picha. Kama siku moja mchoro utatumika kumtafuta mtoto, ufuate picha.

Mwisho tulimpa miwili: ule wa pili kama ulivyo, na nakala yake yenye mdomo ulionyooka. Yule wa kope nzuri anachora upya, safari hii akianza na rula kabla ya kope.