Mtoto wa miezi mitatu na kikombe cha maji

Lokitaung, kaskazini mwa Turkana, siku ya kazi hugawanywa na jua. Maji huchotwa na kuni huletwa mapema, mchana watu huingia kivulini, na shughuli hurudi alasiri joto linapolegea. Mtoto mchanga hana habari na mgawo huo. Anazaliwa bila kujua usiku wala mchana, na tumbo lake halihifadhi maziwa kwa muda mrefu. Mama anayetaka kuipanga siku yake lazima ajue mwendo wa mtoto katika kila umri, kwa sababu unabadilika mara kadhaa kabla ya mwaka kwisha. Badiliko moja, lile la kati ya mwezi wa tatu na wa tano, ndilo linalowaponza wengi.

Wiki za kwanza: hesabu mizunguko

Katika miezi mitatu ya mwanzo mtoto hulala kati ya saa 14 na 17 kwa siku, lakini kwa vipande vya saa mbili au tatu. Hunyonya mara 8 hadi 12 katika saa 24, usiku ukiwemo. Hakuna haja ya kumwekea ratiba ya saa. Fuata mzunguko: anaamka, ananyonya, anabadilishwa nepi, anakaa macho kidogo, analala. Mtoto wa umri huu akikaa macho karibu saa nzima huwa amechoka, hata kama hajapiga miayo.

Kwa hiyo nafasi ya mama kufanya jambo jingine ni saa moja na nusu hivi kwa kila mzunguko. Hiyo haitoshi kwenda kupanga foleni ya maji na kurudi na mtungi. Kazi za mbali katika wiki hizi ni za baba, shangazi au dada. Usingizi wa mtoto unaoangukia kati ya saa sita na saa tisa mchana, jua linapokuwa kali na mji umetulia, uwe usingizi wa mama pia. Usiku atakatizwa mara tatu au nne, na asipolala mchana hana mahali pengine pa kulipia.

Katika wiki mbili za mwanzo mtoto akipitisha muda wa saa tatu mchana au wa saa nne usiku bila kunyonya, mwamshe. Mtoto asiyepata maziwa ya kutosha huweza kulala sana kwa sababu hana nguvu, na watu wa nyumbani wakamsifu kuwa mtulivu. Dalili za kuaminika ni mbili. Kuanzia siku ya tano hivi akojoe angalau mara sita kwa siku, mkojo wa rangi hafifu. Na ikifika wiki ya pili awe ameurudia uzito aliozaliwa nao, kwani karibu watoto wote hupungua kidogo siku za kwanza.

Joto na kiu

Katika nchi ya joto kama Turkana, kila anayemshika mtoto huwaza kiu. Lakini karibu asilimia 88 ya maziwa ya mama ni maji. Shirika la Afya Duniani halishauri maji kwa mtoto anayenyonya chini ya miezi sita, hata mahali penye joto kali. Siku za joto mtoto huomba titi mara nyingi zaidi na hunyonya kwa muda mfupi. Hiyo ndiyo namna yake ya kunywa maji.

Kikombe cha maji kina hasara mbili. Maji ya kisima cha kuchimbwa lagani au ya mtungi uliokaa wazi huleta kuhara. Pia hujaza tumbo bila kulisha, basi mtoto ananyonya kidogo, na titi lisilonyonywa hupunguza kutengeneza maziwa. Anayehitaji maji ni mama. Anywe kikombe kila anapoketi kunyonyesha, na ale zaidi ya alivyokuwa akila kabla ya mimba.

Wiki ya sita hadi mwezi wa tatu

Kilio cha jioni hufikia kilele karibu na wiki ya sita. Mtoto hutaka kunyonya mara kwa mara kuanzia machweo, wakati chakula cha usiku kinasubiri mekoni. Hii si dalili ya titi kukauka. Dawa yake ni kupika mapema: mboga au maharagwe yawe tayari kabla ya saa kumi na moja, ili mama aketi jioni bila kuinukainuka.

Katika wiki hizo mwili wa mtoto unaanza kutofautisha usiku na mchana, na mwanga humsaidia. Mtoe kwenye mwanga asubuhi jua likiwa bado pole. Mchana alale kivulini penye hewa, kwenye ekol badala ya chumba cha mabati kilichopata moto, na sauti za nyumba ziendelee. Usiku mnyonyeshe gizani bila mazungumzo, kisha mlaze chali ndani ya chandarua. Taratibu kipande kimoja cha usingizi hurefuka hadi saa nne au tano, na mara nyingi ni kile cha mwanzo wa usiku. Mama anayengoja saa tano usiku ndipo alale anakuwa amekipoteza. Alale saa mbili au saa tatu, mtoto anapolala.

Mwezi wa tatu hadi wa tano: hapa ndipo mtego ulipo

Nyumba ikishazoea utulivu huo, mambo huvurugika. Usingizi wa mtoto unajipanga upya na kukaribia muundo wa mtu mzima, wenye mizunguko mifupi ya kama dakika 50, na kila mzunguko unapokwisha anaweza kuamka. Mchana naye amegundua dunia. Mbuzi akilia au mtu akipita, anaachia titi na kugeuka. Kisha usiku anadai alichokosa.

Nyumbani hali hiyo hutafsiriwa kuwa maziwa hayamtoshi tena. Hapo huletwa maji, uji mwepesi au maziwa ya mbuzi. Kuwapa wachanga vyakula vya mifugo ni desturi ya zamani: watafiti waliofanya kazi na wafugaji wa Turkana ya kusini walieleza jinsi watoto walivyopewa samli wakiwa wadogo sana. Desturi hiyo ilikuwa na sababu zake katika maisha ya kuhama. Lakini kwa mtoto wa miezi minne anayekatiza usingizi, uji hautibu kitu, kwa sababu kinachomwamsha ni umri wake.

Kabla ya kuongeza chochote, fungua Kijitabu cha Mama na Mtoto utazame mstari wa uzito, kisha hesabu mikojo. Mstari ukipanda na mikojo ikifika sita, maziwa yanatosha. Mnyonyeshe mchana ndani, penye utulivu na mwanga hafifu, walau mara tatu, ili ashibe kabla ya giza. Mstari ukilala au kushuka, nenda kliniki mhudumu atazame anavyolishika titi.

Mfano: mama anayerudi kazini

Mtego huu hukutana na mwisho wa likizo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inatoa miezi mitatu ya likizo ya uzazi yenye malipo kamili, ilhali mtoto anatakiwa kunyonya bila nyongeza kwa miezi sita. Sheria ya Afya ya 2017 inaziba sehemu ya pengo hilo. Inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea, pasiwe choo, na ampe mama muda wa kunyonyesha au kukamua usiozidi saa moja kwa jumla katika kila saa nane za kazi.

Tuchukue mama anayehudumu dukani Lokitaung, saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, mwenye mtoto wa wiki 13 anayenyonya mara nane kwa siku. Titi la kwanza ni saa kumi na moja alfajiri, la pili saa moja na nusu asubuhi, kabla ya kuondoka. La tatu, saa nne na nusu, bibi anamleta mtoto dukani na mama anatumia nusu saa ya haki yake. La nne ni saa saba, wakati wa chakula. Saa kumi na nusu amerudi nyumbani, kisha saa moja jioni, saa nne usiku na saa nane usiku. Zote nane zimetimia, na mtoto hakukosa titi zaidi ya saa tatu na nusu kazini.

Siku ambayo bibi hawezi kuja saa nne na nusu, kikombe kinashika nafasi. Mtoto wa umri huu hunywa kama mililita 750 kwa siku. Gawa kwa nane upate karibu 95, yaani nusu ya kikombe cha mililita 200. Mama anakamua kwa mkono saa moja na nusu asubuhi, baada ya kunyonyesha, akiwa amenawa, kwenye kikombe safi chenye kifuniko. Kinawekwa kivulini ndani ya beseni la maji, kimefunikwa kitambaa kibichi. Kwa joto la Turkana maziwa hayo yasikae zaidi ya muda wa saa nne, na yanayobaki mtoto akishakunywa yamwagwe. Bibi amkalishe na amgusishe ukingo wa kikombe mdomoni, mtoto alambe mwenyewe. Chupa ni ngumu kusafisha penye uhaba wa maji. Mama naye akamue dukani saa hiyohiyo, la sivyo titi litajaa na kupunguza kazi.

Mazoezi ya kukamua yaanze wiki mbili kabla ya kurudi kazini, maana siku za mwanzo hutoka vijiko viwili tu. Tarajia pia mtoto anyonye zaidi usiku katika wiki za mwanzo. Chakula cha jioni kipikwe na mtu mwingine, mama alale mapema.

Miezi sita na kuendelea

Akitimiza miezi sita, chakula kinaingia. Anza na vijiko viwili au vitatu vya uji mzito usiomwagika kijikoni, mara mbili au tatu kwa siku, ukiongeza hadi nusu kikombe. Changanya samaki wa ziwa aliyetolewa miiba, maharagwe yaliyopondwa au mafuta kidogo. Mpe asubuhi na alasiri anapochangamka, kwani saa ya joto hula vibaya. Titi linabaki lishe kuu. Usingizi wa mchana sasa ni vipindi viwili au vitatu, na kukaribia mwaka ni viwili, kwa hiyo mama anapata saa mbili tatu mfululizo za kazi. Kuanzia miezi tisa milo iwe mitatu hadi minne.

Mpango wowote wa siku husimama mtoto anapokataa kunyonya, anapolegea, anapokuwa na utosi uliobonyea, anapokojoa chini ya kawaida au anapochemka mwili. Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye homa apelekwe hospitali siku hiyohiyo, usiku usisubiri kuche. Nanyi akina bibi na shangazi mnaoshika mtoto mama akiwa kazini: akilia miezi sita haijatimia, mpelekeeni mama au mpeni kikombe cha maziwa aliyokamua. Mtungi wa maji mwekeeni mama.